Mwito, Mafunzo na Kazi: Namna ya Kuandika Habari ya Mchungaji

Masomo: Matendo ya Mitume 22:1-21, Wagalatia 1:15-24, 2 Wakorinto 12:6



Siku hizi parokia nyingi zinaweka mbele ya watu habari fupi ya mchungaji wao: picha yake, na chini ya picha mistari kumi hivi inayosema yeye ni nani, aliitwaje, alisoma wapi, alitumika wapi. Ni mistari michache. Lakini tuulize kwanza, ni nani anayeisoma? Sisi tuliomzoea mchungaji hatuisomi sana, kwa maana tunamwona kila Jumapili na kila kilio. Anayeisoma ni mgeni. Ni baba aliyefika Lubumbashi kutoka Kalemie kutafuta kazi, hana ndugu hapa, naye anatafuta mahali pa kusali pamoja na watoto wake. Ni mama mjane ambaye ana siri ya nyumba yake, anataka kujua kama mtu huyu anaweza kuambiwa siri hiyo. Huyo mama ataamua kwa mistari ile kumi. Ikiwa ndani yake mna uongo, amejiweka yeye na watoto wake katika mikono asiyoijua, na sisi tulioandika ndio tuliomsukuma. Kwa hiyo habari ya mchungaji si sifa wala si mapambo. Ni ushahidi, na amri ya kukataza ushahidi wa uongo inaihusu, kama vile inavyohusu maneno ya mtu mbele ya tribinali.

Leo tutazame namna watumishi wa Mungu walivyotoa habari zao wenyewe, ili nasi tujue kuandika za wachungaji wetu.

Fungueni Matendo sura ya 22. Paulo amekamatwa Yerusalemu. Anasimama juu ya ngazi, mbele ya watu wanaotaka kumwua, naye anaomba ruhusa ya kusema. Anasema nini? Anatoa habari ya maisha yake. Anasema alizaliwa Tarso ya Kilikia. Anasema alilelewa katika mji huo wa Yerusalemu, akafundishwa miguuni pa Gamalieli. Ona jambo hili, ndugu yangu: anataja mji, anataja mwalimu kwa jina. Mtu yeyote katika lile kundi aliweza kwenda kuuliza watu wa Gamalieli kama ni kweli.

Halafu anaeleza mwito wake. Ilikuwa karibu na Damasko, kama saa sita ya mchana. Hakuwa peke yake, walikuwapo wenzake, nao ndio waliomshika mkono kumwingiza mjini maana alikuwa haoni. Kisha anamtaja Anania, mtu mwenye kuishika sheria, aliyeshuhudiwa vema na Wayahudi wote waliokaa kule. Ndiye aliyemletea neno la kazi yake. Paulo hasemi tu kwamba amesikia sauti. Anasema: nilisikia, na walikuwapo watu, na mtu mwema wa mji ule alinithibitishia. Mwito una saa yake, una mahali pake, una shahidi wake.

Na kuna jambo la tatu ambalo wengi wetu tungelificha. Paulo anasema wazi kwamba alilitesa Kanisa, na kwamba Stefano alipouawa yeye alikuwa amesimama karibu, akizilinda nguo za wauaji. Haliruki jambo hilo. Kama angeliruka, adui zake wangelisema, na maneno yake mengine yote yangeanguka pamoja nalo.

Mkisoma Wagalatia sura ya kwanza mtaona mtume anahesabu hata siku. Anasema alikwenda Arabia, akarudi Damasko, na baada ya miaka 3 akapanda kwenda Yerusalemu kumwona Kefa, akakaa kwake siku 15. Hakusema alikaa na mitume muda mrefu. Siku 15 ni siku 15. Anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Kwa nini anajisumbua hivyo kwa ajili ya siku? Kwa sababu walikuwapo watu waliosema yeye si mtume wa kweli, na hapo hesabu iliyo sawa inasaidia kuliko maneno makubwa.

Hapo ndipo tunapata mambo matatu ya habari ya mchungaji: mwito, mafunzo na kazi. Tuyachukue moja moja, lakini tuyachukue katika maisha ya mtu wa nchi yetu, ambaye gereza lake lilikuwa hapa hapa kwetu Katanga. Ni Simon Kimbangu.

Kwanza, mwito. Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, ambayo leo ni provinsi ya Kongo-Kati. Kanisa lililobeba jina lake linaandika tarehe 12 Septemba 1887; vitabu vingine vinaandika 1889. Yeye na mke wake, Mama Marie Muilu, walibatizwa tarehe 4 Julai 1915 katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete. Mwaka 1918, wakati ule ugonjwa mkubwa wa homa ya mafua ulipokuwa ukiua watu duniani kote na katika Kongo pia, alisikia sauti ikimwita kuchunga kundi la Kristo. Na habari yake inasema alikataa. Alijibu kwamba hana elimu ya kutosha na kwamba wako wengine wanaofaa kuliko yeye. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi ya mikono. Baadaye alirudi Nkamba. Ni tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, alipoomba na kumwekea mikono mwanamke mgonjwa, na tangu siku ile watu walianza kumfuata.

Angalieni: kati ya sauti ya 1918 na kazi ya 1921 kuna miaka 3 hivi. Mwandishi mwenye haraka angeifuta miaka hiyo. Angeandika kwamba nabii aliitwa na mara moja akasimama. Lakini miaka ile ndiyo inayotufanya tuamini, maana mtu anayetafuta cheo haukimbii mwito kwenda kubeba mizigo mjini. Musa naye alikataa. Yeremia alisema yeye ni mtoto. Amosi alijieleza kuwa mchunga kondoo na mtunza mikuyu, wala si mwana wa nabii. Kwa hiyo, unapoandika mwito wa mchungaji, andika mwaka, andika mahali, andika aliyeshuhudia, na kama alikawia, andika kwamba alikawia. Mwito usiokuwa na mtu mwingine ndani yake, ila yeye na ndoto yake tu, haujakomaa kuandikwa. Hata Samweli, aliposikia sauti usiku, alikimbia kwa Eli, na mzee ndiye aliyetambua kwamba ni Bwana.

Pili, mafunzo. Kimbangu hakupita katika chuo cha theolojia. Alisoma katika shule ya misioni, akajua kusoma Biblia kwa Kikongo, lugha ya mama yake, akatumika kuwa katekista akifundisha wengine. Ni hayo tu, na habari yake haiwezi kuongeza hata kidogo. Wala hakuna haja ya kuongeza. Msomaji akijua kwamba mtu huyu alifundishwa Biblia na Wabatisti, ataelewa pia kwa nini mahubiri yake ya 1921 yalikuwa yale: kutupa fetishi, kuacha ngoma za uchafu, kuwa na mke mmoja. Mafunzo yaliyoandikwa kwa ukweli yanamsaidia msomaji kuelewa mafundisho atakayoyasikia.

Wapendwa, hapa ndipo uongo mwingi unapoingia siku hizi. Mtu anahudhuria semina ya juma moja, anapewa karatasi yenye muhuri, na katika habari yake anaandikwa daktari. Namna gani utatambua? Si vigumu. Mafunzo ya kweli yana vitu vinne: jina la shule, mji wake, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na jina la karatasi iliyopatikana. Kimoja kikikosekana, uliza. Ikiwa imeandikwa tu kwamba alisoma ngʼambo, uliza ni nchi gani, shule gani. Ikiwa ni daktari wa theolojia, uliza aliandika kitabu gani cha kumaliza masomo, maana daktari wa kweli ameandika kimoja, na hawezi kukisahau. Tena tuwe wenye haki kwa wale wasiosoma sana. Mchungaji aliyeacha shule ya sekondari katika mwaka wa nne kwa kukosa minervali, kisha akafundishwa miaka 2 na mchungaji mzee, akitembea naye katika vijiji, ana mafunzo. Iandikwe hivyo hivyo: mwaka wa nne wa sekondari, miaka 2 chini ya mzee fulani, parokia fulani. Hiyo ndiyo miguu ya Gamalieli yake.

Tatu, kazi. Hapa habari ya Kimbangu inatufundisha jambo zito. Kazi yake mbele ya watu ilidumu miezi 5 hivi. Ilianza Aprili 1921. Watu waliacha kazi, wakajaa njiani kwenda Nkamba, na Bula Matari akaogopa. Tarehe 6 Juni administrateri Léon Morel alikuja kumkamata, naye akaponyoka. Aliendelea kuhubiri kwa siri, na tarehe 12 Septemba 1921 alijitoa mwenyewe mikononi mwao, pale pale Nkamba. Tarehe 3 Oktoba tribinali ya askari huko Thysville, ambao leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali na watu wake, Elisabethville, mji huu tunaouita leo Lubumbashi, akakaa gerezani hapa mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Miezi 5 ya kuhubiri, miaka 30 ya gereza. Mwandishi ataifanya nini miaka 30? Hakuna parokia ya kutaja, hakuna nyumba ya sala iliyojengwa, hakuna hesabu ya waliobatizwa. Jibu ni kwamba ataandika neno gereza, na miaka yake, na kunyamaza. Asiijaze kwa maneno. Watu wa Lubumbashi, tunajua gereza ni nini. Ndiyo maana nasema kwamba nafasi tupu katika maisha ya mtumishi lazima ionekane. Ikiwa mchungaji alikuwa mgonjwa miaka 2, iandikwe. Ikiwa alikimbia vita na kukaa kambini bila kanisa, iandikwe. Ikiwa alisimamishwa na wazee wake kisha akarudishwa, iandikwe kwa maneno machache ya heshima, kwa idhini yake na ya wazee. Nafasi tupu iliyofichwa, mgeni akija kuigundua, ataiwazia mabaya kuliko yaliyokuwapo.

Na kuna mtu mwingine ambaye habari za wachungaji humsahau mara nyingi: ni mama. Wakati Kimbangu alipokuwa Elisabethville, ni Mama Marie Muilu aliyebaki akilichunga kundi kwa siri huko nyumbani, huku waamini wengi wakihamishwa kwa nguvu kupelekwa provinsi za mbali. Alifariki mwaka 1959, na mwisho wa mwaka ule ule, tarehe 24 Desemba, serikali ya Kibelgiji ililitambua Kanisa. Anayeandika kazi ya Papa Simon bila kumtaja Mama Muilu amekata kazi hiyo katikati. Basi katika parokia zetu, mama mchungaji anayepokea wageni, anayekaa na waliofiwa, anayewafundisha wasichana, usimwandike tu kwamba mchungaji ameoa na ana watoto 6. Andika kazi yake.

Sasa tuweke pamoja. Kama parokia ingetaka kuandika habari ya mtumishi huyu kwa mistari kumi, ingekuwa namna hii:

Simon Kimbangu ni mzaliwa wa Nkamba, Kongo ya Chini. Alisoma katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete, akabatizwa huko tarehe 4 Julai 1915 pamoja na mke wake Marie Muilu, akawa katekista. Mwaka 1918 alisikia mwito, akasita, akaenda Kinshasa kufanya kazi, kisha akarudi kijijini. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa mwezi wa Aprili 1921. Alihukumiwa Thysville tarehe 3 Oktoba 1921, akafungwa Elisabethville mpaka kufa kwake, tarehe 12 Oktoba 1951. Mama Muilu alilichunga kundi wakati wa kifungo. Walizaa wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Someni tena. Hakuna neno mkuu, hakuna neno mwenye nguvu, hakuna anayeitwa wa pekee. Hata kuponya hakukusemwa kama mali ya mtu: imeandikwa kwamba aliombea wagonjwa, maana kuomba ni kazi ya mtumishi, na kuponya ni kazi ya Mungu. Lakini je, mtu akiisoma, haogopi kidogo moyoni? Maneno ya kweli yana uzito wao yenyewe. Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba anajizuia kujisifu, mtu asije akamhesabia zaidi ya anayoyaona kwake au kuyasikia. Hicho ndicho kipimo chetu cha unyenyekevu. Unyenyekevu si kuandika kwamba mchungaji ni mavumbi na si kitu. Hayo nayo ni namna ya kujionyesha. Unyenyekevu ni kutoandika kitu ambacho mtu wa parokia yake hakukiona wala kukisikia.

Kwa hiyo ndugu zangu makatibu na mashemasi, mnapopewa kazi hii, fanyeni hivi. Msimwachie mchungaji aandike peke yake, wala msiandike bila yeye. Mwulizeni, halafu ulizeni parokia alikotoka, angalau watu wawili, kwa maana Maandiko yanataka neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Ulizeni na watu wa nje, jirani, mwenye duka la barabarani, kwa sababu Timoteo aliandikiwa kwamba mwangalizi ashuhudiwe vema na walio nje pia. Isomeni kwa sauti mbele ya wazee kabla ya kuitoa. Msiweke jina la mgonjwa aliyeombewa, wala picha ya ndoa iliyopatanishwa, wala siri ya mtu yeyote, hata kama inampa mchungaji sifa nzuri. Mwisho, andikeni tarehe chini, na kila mwaka itazameni tena.

Lakini tusidanganyike. Habari nzuri haimfanyi mtu kuwa mchungaji mwema. Yuda Iskariote, kama tungemwandikia habari yake, ingekuwa nzuri sana: aliitwa na Bwana mwenyewe, akafundishwa na Bwana mwenyewe, akatumwa pamoja na wenzake kuhubiri, akaaminiwa kushika mfuko wa fedha. Kila neno lingekuwa kweli. Mistari ile kumi inamfungulia mgeni mlango tu. Akiisha kuingia, ataangalia mwenyewe namna mchungaji anavyoshika mfuko, anavyonyamaza juu ya siri, anavyokaa na maskini. Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akawauliza: ni ngʼombe wa nani niliyemchukua, nimemdhulumu nani? Nao wakajibu kwamba hakuna. Habari yake ya mwisho haikuandikwa na yeye. Waliitoa watu aliowachunga.

Mama yule mjane, atakaposimama mlangoni pa nyumba yetu ya sala na kusoma mistari yetu kumi, asikute neno hata moja ambalo sisi wenyewe tungeogopa kulirudia mbele za Mungu. Bwana awalinde wachungaji wetu, na alinde mikono yetu tunaoandika juu yao. Amina.